Wakuu msaada, mwaka kwenye kaburi la babu hausomeki kwenye picha

Mjukuu_wa_Mwisho: Habari zenu. Nimepiga picha jiwe la kaburi la babu saa sita mchana jua la utosi, maandishi yamelika. Mwaka ni 193 halafu namba ya mwisho sijui ni 3 au 8, nimezuum mpaka macho yanauma. Naiediti vipi isomeke? Nina haraka kidogo.

Kipande_cha_Mkaa: Igeuze nyeusi na nyeupe, pandisha kontrasti. Risiti zangu zilizofifia nazisoma hivyo hivyo.

Jicho_la_Mwewe: Risiti ni wino mkuu, huu ni mchongo, unachosoma ni kivuli. Jiwe limesimama na mwanga unashuka toka juu, kwa hiyo mistari ya kulala inapata kivuli ila ya kusimama inapotea, 3 na 8 zote zinabaki vistari vitatu tu. Kuediti hakuleti kivuli ambacho hakikuwepo. Rudi na kioo kikubwa, mtu mmoja azibe jua kwa shuka, wewe simama hatua kadhaa pembeni na kioo, mwanga ulambe uso wa jiwe toka kushoto halafu toka kulia. Ukiona mfereji upande wa kushoto wa namba, ni 8. Ila mbona namba ina weupe? Umepaka nini?

Mama_Wawili: Sisi la baba tulisugua kwa brashi ya waya na jiki, likang'aa kweli, ila hata jina likaondoka nalo 😭

Dogo_Mtata: Si umuulize babu mwenyewe 😂

Mjukuu_wa_Mwisho: Nilipitisha chaki kidogo tu ionekane.

Jicho_la_Mwewe: Ulipitisha kwa kufuata mfereji au kwa kukisia?

Mjukuu_wa_Mwisho: Nilifuata 8 maana shangazi anasema 1938. Sioni ubaya, fundi wa jiwe jipya nishamlipa nusu.

Jicho_la_Mwewe: Kumbe! Basi kwenye hiyo picha unasoma mkono wako mwenyewe.

Mzee_wa_Busara: Vijana wa siku hizi wafu wanawafanyia haraka, walio hai hamwasalimii.

Chunguza_Kwanza: Uzi wa kutunga huu. Saa sita jua la utosi, mbona picha ya pili kivuli cha nyasi kirefu kimelalia jiwe?

Mjukuu_wa_Mwisho: Nitunge ili nipate nini? Hiyo niliipiga saa kumi na moja jioni, kabla ya chaki, nikaiona giza nikaipuuza.

Jicho_la_Mwewe: Hiyo giza ndiyo ya maana, jua limetoka ubavuni! Itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na inapoteza vitu.

Mjukuu_wa_Mwisho: Nimetuma.

Jicho_la_Mwewe: Juu kushoto naona uwazi, hakuna mfereji. Chini kushoto kuna kovu, sijui ni mchongo au jiwe limebanduka. Mimi naegemea 3 lakini siapi. Osha chaki kwa maji matupu na brashi laini, rudia na kioo.

Kipande_cha_Mkaa: Mimi bado naona 8.

Mjukuu_wa_Mwisho: Fundi anaanza kuchonga kesho asubuhi. Ngoja nimpigie.