Naomba ushauri: sungura wa hadithi ya bibi ananibadilikia kila sini ya katuni ya AI

Wakuu habarini, bibi yangu katuhadithia tena ile ya sungura aliyemwambia tembo wavutane kamba, kisha akaenda mtoni akamwambia kiboko hivyohivyo, halafu akajificha kichakani katikati akapiga filimbi, wale wawili wakavutana mpaka jua linazama kila mmoja akijua anavutana na sungura. Nimeikata sini sita niitengenezee katuni kwa AI, kila klipu sekunde 8.

Shida ya kwanza, sungura sini ya 1 ana rangi ya udongo, sini ya 3 mweupe masikio ya pinki kama wa kufugwa. Nimegundua kila klipu inaanza upya, haikumbuki ya nyuma, kwa hiyo sasa napesti maelezo yaleyale neno kwa neno: "sungura pori mwembamba, manyoya ya kahawia, ncha za masikio nyeusi, shuka nyekundu begani". Imepungua, haijaisha.

Ya pili ndo inaniua. Tembo na kiboko hawatakiwi kuonana, wakionana hadithi imekufa (bibi kaona klipu akacheka, "sasa huyo sungura kamdanganya nani?"). Nikiandika "kiboko asionekane" ndo kwanza anatokea!

Nawaza nisimtaje kabisa, niandike tu "kamba imekazwa, inapotelea nyuma ya kilima". Au nianze na picha moja ya sungura niitumie sini zote? Aliyewahi kufanya anisaidie, na ile filimbi niiweke sini yake peke yake au?