Msaada: fomu ya skauti isiyobebwa na mechi ya mwisho

Skauti wa Mkoani:
Wakuu, habari zenu. Nasaidia timu ya daraja la chini huku mkoani kutafuta wachezaji wa dirisha dogo. Tuko watatu tunaozunguka viwanjani na fomu yetu ni moja kwa wote: kasi, pumzi, pasi, nidhamu, alama 1 mpaka 5. Shida ni siku ya kikao. Kuna namba 2 tumemwona mechi sita. Hiyo ya sita alimfunga kamba winga wao na akapiga krosi mbili zilizozaa magoli, basi kikao kizima kikawa cha mechi hiyo. Nataka fomu ya kila namba, na isiyotekwa na tulichokiona juzi. Nianzie wapi?

Kipenga cha Mwisho:
Mbona rahisi. Futa mechi ya mwisho, piga wastani wa zilizobaki.

Mama Winga:
Mwanangu ana miaka 16, majaribio alipewa dakika ishirini tu tena upande ambao si wake. Fomu kama hiyo ingemsaidia au ndiyo ingemmaliza?

Mzee wa Benchi:
Kipenga, ukifuta ya mwisho, ya tano ndiyo inakuwa ya mwisho. Hujatibu kitu.

Mkuu, anza na namba 2 peke yake. Vigezo vinne vinatosha: kumkabili winga ana kwa ana, kuziba nguzo ya mbali krosi inapotoka upande wa pili, kurudi baada ya kupanda, na ubora wa krosi. Kisha kila alama ipewe maneno ya kitu kinachoonekana. Kwenye ana kwa ana, 2 ni "anajitupa mapema, winga anapita kwa ndani". 4 ni "anamsukumia mstarini na kumchelewesha mpaka wenzake warudi". Bila maneno hayo, 4 yako ya Septemba na 4 yako ya Desemba si kitu kimoja. Namba 6 naye awe na yake. Mimi kwanza namwangalia kama anageuza shingo kabla ya kupokea mpira.

La pili ni utaratibu. Fomu ijazwe siku ileile, ikabidhiwe kwa mtu asiyeenda viwanjani, na skauti asiione tena mpaka kikao. Kikaoni alama zisomwe kwanza, simulizi baadaye. Ukiruhusu simulizi itangulie, umeshapoteza.

Mama, kigezo ambacho hakikujaribiwa kinaachwa wazi, hakipewi 1. Dakika ishirini ugenini kwenye namba si za kumkataa mtoto wala kumchukua.

Skauti wa Mkoani:
Nimejaribu kwa huyo namba 2, kigezo cha ana kwa ana. Alama: 2, 2, 3, wazi, 2, 5. Dakika: 90, 90, 70, 90, 30, 90. Nimepima kwa dakika:

```
=SUMPRODUCT(C2:C7,D2:D7)/SUM(D2:D7)
```

Imetoa 2.35. Mbona chini hivyo?

Mzee wa Benchi:
Ile mechi ya nne uliyoiacha wazi imehesabiwa sifuri, lakini dakika zake 90 zimeingia kwenye kigawanyo. Tumia hii:

```
=SUMPRODUCT(C2:C7,D2:D7)/SUMIF(C2:C7,">0",D2:D7)
```

Utapata 2.92. Sasa angalia alama ya katikati ukizipanga: 2, 2, 2, 3, 5. Ni 2. Pengo hilo ndilo linalokwambia mechi moja imeubeba wastani. Usiifute hiyo 5, iulize maswali. Winga wa siku hiyo alikuwa nani, na kiungo wa kulia alikuwa anarudi kumsaidia?

Skauti wa Mkoani:
Winga wao wa kwanza alikuwa na kadi. Aliyeanza ni mshambuliaji wa kati, kasukumwa pembeni.

Kipenga cha Mwisho:
Sawa, ila kijana anaweza kuwa amepanda kiwango kweli. Mnamhukumu kwa mechi za mwanzo wa msimu?

Mzee wa Benchi:
Hapo una hoja. Mtu akipanda, unaona 4 zikifuatana mechi mbili tatu mbele ya mawinga tofauti, na kwenye kigezo kilekile. Moja haitoshi. Mtume skauti ambaye hajawahi kumwona, wala asiambiwe alama za nyuma.

Dada wa Takwimu:
Mimi ningeongeza uzito kwa ugumu wa mpinzani. 3 mbele ya winga hatari si sawa na 3 mbele ya mtalii.

Mzee wa Benchi:
Dada, nani atakayepanga huo ugumu? Ni skauti yuleyule aliyevutiwa na mechi. Mimi naandika jina la winga pembeni ya alama, basi.

Dada wa Takwimu:
Upangwe kabla ya mechi kuchezwa, kwa msimamo wa ligi.

Mzee wa Benchi:
Msimamo unapima timu, haunipimii winga. Lakini jaribuni, mtuletee majibu.

Skauti wa Mkoani:
Jumamosi namtuma mwenzetu ambaye hajamwona kabisa. Wanacheza na timu yenye winga mwenye mbio sana. Na fomu ya namba 6, zaidi ya kugeuza shingo, mnaweka nini?