Naomba ushauri: makadirio ya haraka ya maji ya paa

Habari zenu wakuu. Nakagua hesabu ya tangi la maji ya mvua. Paa ni mita 12 kwa 7.6, mvua milimita 1,080 kwa mwaka, na tunategemea kuvuna asilimia 80. Jedwali tulilopewa linasema mita za ujazo 78,797.

Nimekadiria kichwani: mita za mraba 90, mvua mita 1, nikatoa moja ya tano, nikapata kama 72. Tofauti ni mara elfu, kwa hiyo nahisi milimita hazikugeuzwa kuwa mita. Hilo linaonekana wazi.

Kinachonitatiza ni kosa dogo, mfano upande mmoja wa paa ukisahaulika jibu linabaki nusu tu. Je, tofauti ikifika mara ngapi niikatae hesabu? Na kosa la mara mbili mnalinasaje?