Naomba ushauri: hereni imekaa vizuri, ila nywele zinaniumbua

Wakuu, habari zenu. Mteja ameleta picha ya uso wake, anataka nimwongezee hereni ya dhahabu ya duara. Natumia Photoshop.

Mwanga unatoka kushoto, juu kidogo. Hereni niliyoipata ilikuwa na mng'ao upande wa kulia, nikaigeuza. Kivuli nimekitengeneza kwa nakala ya hereni, nikaijaza kahawia iliyoiva niliyoichota kwenye kivuli cha chini ya kidevu (nyeusi tupu ilionekana kama masizi), nikaiweka Multiply na kuisogeza kulia shingoni. Karibu na ndewe nimeacha ukingo mkali. Kule chini, hereni inapoachana na ngozi, nimeufifisha. Hapo sina wasiwasi. Hata ule upande unaotazama shavu nimeutia rangi ya ngozi.

Tatizo ni nywele kama sita hivi zinazopita mbele ya duara. Nikizifichua kwa Layer Mask na brashi ya pikseli 2, kila unywele unatoka na ukingo wa rangi ya ngozi, na juu ya dhahabu unaonekana kama uzi mweupe. Nimejaribu Blend If upande wa Underlying Layer ili sehemu nyeusi zipenye. Nywele zilitoka safi, lakini kivuli cha nyuma ya sikio nacho kikatoboa hereni.

Je, niendelee na Blend If nikiibana na maski eneo la nywele tu, au nichore nywele mpya juu? Na nikichora, kivuli chake juu ya dhahabu kiwe chembamba kiasi gani?