Mzunguko wa Carnot kwenye mchoro wa P-V: kupima eneo, fomula, au kuhamia T-S?

karatasi_ya_miraba

Wakuu, habari za jioni. Nimebishana na mwenzangu tangu mchana, naomba mtuamue.

Swali letu ni la moli 1 ya gesi ya atomu moja-moja. Inaanzia lita 10 kwenye 600 K, inatanuka hadi lita 20 bila halijoto kubadilika, kisha inafungiwa joto lisiingie wala kutoka na kuendelea kutanuka mpaka ipoe kufikia 300 K. Baada ya hapo inagandamizwa kwenye 300 K, na mwisho inafungiwa joto tena na kugandamizwa hadi irudi ilikoanzia. Tunatakiwa kutoa kazi na joto la kila hatua kati ya hizo nne. Pointi za kona nimezipata hivi:

```
1:  V = 10.00 L   P = 498.8 kPa   T = 600 K
2:  V = 20.00 L   P = 249.4 kPa   T = 600 K
3:  V = 56.57 L   P =  44.1 kPa   T = 300 K
4:  V = 28.28 L   P =  88.2 kPa   T = 300 K
```

Lita ukizizidisha kwa kilopaskali unapata juli moja kwa moja, kwa hiyo niliunganisha kona kwa rula na kupima maeneo ya trapeza chini ya kila mstari. Nikapata +3741, +5367, −1871 na −5367. Kazi halisi ni 1870. Nikaigawa kwa 3741 nikapata 0.5, na ufanisi wa Carnot ni 1 − 300/600 = 0.5. Mwenzangu anatumia fomula na anasema namba zangu zote nne ni makosa. Zingekuwa makosa, ufanisi ungetokaje sawasawa hivyo?

Mzee_Boila

Mwenzako ana haki. Zote nne ni kosa, na ufanisi ni sahihi. Hayo mawili hayapingani, nitakuonyesha.

Anza na hatua ya 2 kwenda 3, maana hapo ndipo ungeweza kujikamata mwenyewe. Gesi imefungiwa joto. Inasukuma pistoni, na gharama ya kusukuma inatoka mfukoni mwake tu, yaani kwenye nishati yake ya ndani. Gesi ya atomu moja-moja hupoteza juli 12.47 kwa kila moli kwa kila kelvini inayoshuka. Imeshuka kelvini 300, kwa hiyo imetoa juli 3741, basi. Wewe umeipa kazi ya juli 5367. Hizo 1626 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwenye rula. Mkunjo wa hatua hiyo umebonyea chini sana ya mstari wako, na eneo lote lililo kati ya rula na mkunjo umelihesabu kama kazi.

Hatua ya 1 kwenda 2 imebonyea kidogo tu, kwa hiyo kosa lake ni dogo. Jibu lake ni hili:

```
W12 = n R T ln(V2/V1) = 8.314 × 600 × ln 2 = 3458 J
```

Halijoto haikubadilika, nishati ya ndani imebaki ilivyokuwa, kwa hiyo joto lililoingia nalo ni 3458. Rula yako ilizidisha kwa kama asilimia 8. Ile 3741 uliyoipata hapo kufanana na 3741 ya hatua ya pili ni sadfa ya namba za swali hili, usije ukaishika kama kanuni.

haraka_haraka

Mnajichosha bure. Hatua mbili zilizofungiwa joto zinafutana, kila mtu anajua. Joto lake ni sifuri, kazi yake ni sifuri, zirukeni. Hesabuni zile mbili za halijoto moja: 3458 kuingia, 1729 kutoka, tofauti 1729 ndiyo kazi. Mistari miwili, mtihani umekwisha.

Neema_T

Kaka haraka, punguza mwendo kidogo. Joto ni sifuri, sawa. Kazi si sifuri. Ni +3741 wakati wa kutanuka na −3741 wakati wa kugandamizwa, na *jumla* yake ndiyo sifuri. Swali limeomba kila hatua, ukiandika sifuri mara mbili unapoteza maksi mbili.

Ila wazo lako lina kitu. Badili gesi, weka ya atomu mbili-mbili. Hatua ya pili inakuwa karibu juli 6235, na pointi ya 3 inakimbia hadi lita 113.1. Mchoro mzima unanyooka kuelekea kulia mpaka hautambuliki, na bado kazi halisi ni 1729 ile ile.

Mzee_Boila

Asante binti. Sasa nirudi kwenye lile la ufanisi, kwa sababu ndilo swali zuri kuliko yote hapa.

Chukua mkunjo wa 1 kwenda 2. Kila ujazo uzidishe kwa 2.83, kila shinikizo ligawe kwa 5.66. Umepata mkunjo wa 4 kwenda 3, bila kubaki hata nukta. Kwa hiyo eneo la chini yake limegawanyika kwa 2 kamili. Rula yako nayo imepita kwenye kona zilezile zilizopanuliwa vivyo hivyo, kwa hiyo *kosa* lake pia limegawanyika kwa 2. Ukigawa namba yenye kosa kwa namba yenye kosa la uwiano uleule, kosa linakatika.

Hatua mbili nyingine nazo ni vivyo hivyo: ya 2 kwenda 3 ni ile ya 1 kwenda 4 iliyozidishwa ujazo kwa 2 na kugawiwa shinikizo kwa 2, maeneo yako sawa. Ndiyo maana ulipata 5367 mara mbili, zikafutana, ukaridhika.

Kwa hiyo kipimo cha ufanisi hakikagui njia yako. Kipimo kinachokagua ni kile cha hatua iliyofungiwa joto: kazi ilingane na nishati ya ndani iliyopotea.

karatasi_ya_miraba

Duh. Kumbe nimejisifia bure.

Nimerudi na karatasi. Hatua ya kwanza nimeikata vipande viwili kwa kuongeza pointi ya lita 15, nikapata 3533. Vipande vinne, 3477. Inasogea kuelekea 3458 yenu, polepole lakini inasogea, na kila mara kutokea juu. Hatua ya pili bado sijamaliza, pale pembeni ya pointi ya 2 mkunjo unaporomoka, naona vipande vyembamba vinahitajika upande huo kuliko upande wa 3.

Halafu jambo la aibu. Mwenzangu mwenye fomula alikuwa na 1502 kwenye hatua ya kwanza. Alibonyeza kitufe cha logi ya kumi badala ya logi asilia! Na ufanisi wake? 0.5. Tumecheka mpaka basi.

fundi_baridi

Samahani wakuu, naona mnazungumzia joto kuingia sehemu ya moto. Mimi natengeneza majokofu, na kwangu joto linaingia upande wa baridi. Kwa hiyo mchoro wenu umekosewa, au mimi ndiye sijaelewa?

Mzee_Boila

Hujakosea fundi, ila swali lao ni la injini. Uzungushe mchoro kinyume, 1 kwenda 4 kwenda 3 kwenda 2, ishara zote zinageuka. Juli 1729 zinaingia kwenye gesi upande wa 300 K, unalipa 1729 za kazi, na 3458 zinatoka upande wa 600 K. Ila usitegemee kuiona kwenye jokofu lako. Majimaji yenu huchemka kuwa mvuke na mvuke hurudi kuwa majimaji, si gesi bora kama hii, na kwenye vali ya kupunguza shinikizo hakuna pistoni inayorudisha kazi.

Neema_T

Mimi ningeshauri mwenye swali ahamie T-S kwa upande wa joto. Mzunguko wote unakuwa mstatili. Upana ni `8.314 × ln 2 = 5.763 J/K`, urefu ni halijoto. Mara 600 unapata 3458, mara 300 unapata 1729. Hakuna mkunjo wa kubonyea, hakuna rula ya kudanganya.

haraka_haraka

Si ndiyo niliyosema tangu mwanzo kwa maneno mengine? 😀 Mstatili wako pia unaruka zile hatua mbili. Ni mistari wima tu, eneo chini yake sifuri. Kazi ya 3741 utaisoma wapi humo?

Neema_T

Humo sitaisoma, umenipata. Nitarudi kwenye nishati ya ndani kama alivyofanya Mzee. T-S inasema joto tu. Na hata hivyo nimepata upana kwa kutumia logi ileile, kwa hiyo mtu wa logi ya kumi angekosea humu pia.

Mzee_Boila

Kwa gesi bora, fomula zinatosha na ni fupi. Kupima eneo sikudharau hata kidogo: siku utakapopewa shinikizo na ujazo vilivyopimwa kwenye silinda halisi, hakuna fomula ya kubandika, utakata vipande tu. Ndiyo kazi ambayo mchoro huu unaiweza. Carnot mwenyewe aliandika mwaka 1824 bila kuuchora, ni Clapeyron aliyeuchora mwaka 1834.

Na ukiuchora kwa kipimo sahihi utaona kitu kingine: kitanzi chenyewe ni chembamba. Gesi inatoa 3458 na 3741, jumla 7199, halafu inadai irudishiwe 5470. Chukulia msuguano unakula sehemu moja ya kumi ya kila safari ya pistoni, kwenda na kurudi. Hiyo ni kama juli 1267 kati ya 1729. Unabaki na 462. Haya hayaonekani kabisa kwa mtu aliyeruka hatua mbili kwa sababu "zinafutana".

haraka_haraka

Hiyo ya msuguano sikuiwaza. Sawa, nazirudisha.

karatasi_ya_miraba

Nimeandika hivi, niambieni kama kuna tatizo:

```
1→2:  Q = +3458   W = +3458
2→3:  Q = 0       W = +3741
3→4:  Q = −1729   W = −1729
4→1:  Q = 0       W = −3741
```

kemia_tu

Kwetu kwenye kemia ishara za W zote zinageuka. Tunahesabu kazi inayofanywa *juu ya* gesi, kwa hiyo hatua ya kwanza ni −3458.

Neema_T

Na kwetu kwenye injini ni kama alivyoandika. Aandike juu ya jedwali W ni kazi ya nani.

kemia_tu

Au aandike kwa njia ya kemia, ambayo haina utata.

Mzee_Boila

Hilo mimi siingii.