Kuniachia dashibodi na mistari mitatu ya makabidhiano, huu ni uungwana kweli?

Wakuu, niko Tabora, shirika moja la afya. Nimekalia kiti cha jamaa aliyehamia Dodoma. Karatasi yake ya makabidhiano, namnukuu yote: "Chanzo: DHIS2. Walengwa: sensa. Kila mwisho wa mwezi bonyeza Refresh." Basi. Ameaga, kafanyiwa na pati.

Sasa tuko kikaoni, mganga mkuu wa wilaya moja anauliza: chanjo ya Penta 3 kwangu imefikaje asilimia 108? Watoto wengine tumewatoa wapi? Bosi ananigeukia mimi.

Nikafungua fomula:

```
Penta3 % = DIVIDE(SUM(Dozi[Penta3]), SUM(Watu[Walengwa]))
```

Haina tatizo. Tatizo ni hilo jedwali la Watu. Linatoka kwenye faili la Excel linaloitwa watu_final2.xlsx, namba zimechapwa kwa mkono, hakuna fomula hata moja. Wilaya ile imeandikwa watu 250,000, walengwa 8,750. Ukigawanya unaona alichukua asilimia 3.5. Nani kamwambia? Na hao 250,000 ni wa makadirio ya sensa ya 2012! Mkoa huu mwaka 2012 ulikuwa na watu 2,291,623. Sensa ya 2022 ikakuta 3,391,679. Zaidi ya milioni wameongezeka, na yeye yuko na makadirio ya zamani.

Nikaweka watu 300,000 wa sasa. Walengwa 10,500, dozi ni zilezile 9,450, jibu asilimia 90. Wilaya karibu zote zikashuka. Bosi akaniandikia: "Kabla hujaja dashibodi ilikuwa inafanya kazi vizuri." Nimechoka wakuu.

Kijana wa Ipuli: Mkuu unajisumbua. Weka sensa ya 2022 kwenye miaka yote, funga faili, kalale.

Mama Chanjo: Nyie wa ofisini mkiona 108 mnadhani tumepika. Kituo chetu kiko mpakani. Siku ya mkoba akina mama wanavuka kutoka wilaya ya pili na watoto mgongoni. Nimrudishe mtoto kwa sababu ya dashibodi yako? Njoo uhesabu rejesta mwenyewe.

Mleta uzi: Dada yangu, sijasema mmepika. Shida yangu ni namba ya chini, siyo ya juu.

Mzee wa Takwimu: Mdogo wangu, pole. Kijana wa Ipuli kapatia nusu. Ukiweka 300,000 hadi kwenye 2019, unaishusha 2019 bila sababu, maana mwaka ule hao watu hawakuwapo wote. Jedwali la Watu linatakiwa liwe na safu ya mwaka, na kila mwaka uwe na idadi yake. Na kwenye karatasi uandike: sensa ipi, kasi gani ya ongezeko, asilimia ya walengwa imetoka waraka gani, nani aliikubali. Hiyo ndiyo mistari aliyokunyima.

Huyo dada naye msikilize. Dozi inahesabiwa ilikotolewa, siyo anakoishi mtoto. Kwa hiyo hata ukiwa na idadi sahihi, wilaya ya mpakani inaweza kuvuka 100. Sasa utajuaje kosa liko juu au chini? Chukua Penta 1, yaani dozi ya kwanza, toa Penta 3, dozi ya tatu, gawanya kwa Penta 1. Hapo idadi ya watu haimo kabisa. Ikikaa kawaida, dozi hazionyeshi kasoro, kagua walengwa na hao wanaovuka mpaka. Ikitoka hasi mwaka mzima, yaani Penta 3 imezidi Penta 1, rudi kwenye rejesta.

Halafu andika tarehe uliyovuta data. Vituo vinachelewesha ripoti. Mwezi uleule ukiuvuta mapema na ukauvuta tena baadaye, namba hazilingani, na utaambiwa umeharibu tena. Na kila kiashiria kiandikie UID yake ya herufi na tarakimu 11 kutoka DHIS2. Jina mtu anaweza kulibadilisha, UID inabaki.

Kijana wa Ipuli: Hapo kwenye 2019 sikuwaza. Ila bosi wako bado atataka 108 yake 😂

Fundi Stoo: Mimi nilikabidhiwa stoo nzima ya pembejeo bila leja, funguo tu. Hadi leo nadaiwa mifuko ya mbolea ambayo sijawahi kuiona. Usisaini kitu.

Mleta uzi: Mzee, shikamoo na asante. Nimepiga hesabu: Penta 1 ni 9,900, Penta 3 ni 9,450, wanaopotea njiani asilimia 4.5. Kwa hiyo dozi hazionyeshi kasoro, nabaki na walengwa. Bosi nimemtumia, kimya. Kuhusu ile 3.5 nimempigia jamaa wa Dodoma nikamuuliza aliitoa wapi. Kanijibu: "Niliikuta humo."

Mama Chanjo: Kwa hiyo na yeye aliachiwa mistari mitatu?