Naomba ushauri: kutafsiri skrini ya programu bila kupoteza vitufe

Wakuu, namtafsiria mjomba programu ya simu iliyo kwa Kijerumani. Mwanzo nilitafsiri kila kitu, nikaandika "bonyeza Ghairi". Akaitafuta Ghairi skrini nzima asiione, maana kitufe kimeandikwa "Abbrechen". Sasa naliacha neno lilivyo na kuweka maana pembeni: bonyeza "Abbrechen" (ghairi). Kwa kitufe kimoja inatosha.

Kasheshe ni njia ndefu za menyu, kama "Einstellungen > Konto > Löschen". Nikiweka mabano kila neno, sentensi haisomeki. Nikieleza maana mara ya kwanza tu, mjomba husoma akirukaruka, ataikosa. Na "Löschen" ni kufuta, hapo kukosea ni hasara.

Mnaofanya kazi hizi, mabano mnayarudia kila hatua, au mnaweka jedwali la maneno juu?